Muungwana Akivuliwa Nguo: Methali za Jina Jema Nilizozielewa Kwenye Daftari la Mali Kauli

Shangazi yangu aliuza khanga Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, kwa miaka mingi, na mimi ndiye niliyekuwa namwandikia daftari. Sisemi daftari la mauzo ya kaunta. Nasema lile la pili, lenye jalada gumu, ambalo alikuwa akiondoka nalo jioni ndani ya mkoba wake: daftari la mali kauli.

Kwa asiyeijua biashara hii, mali kauli ni bidhaa unayochukua kwa neno lako tu. Kijana anakuja asubuhi, hana mtaji, anachukua doti tano za khanga bila kutoa hata senti. Anazunguka nazo Mtaa wa Kongo, Msimbazi, stendi, maofisini. Jioni anarudi na hela ya dukani, na kilichozidi ni chake. Hakuna mkataba wala rehani. Ukitafuta hati yoyote ya kisheria hapo, huioni. Kinachosimama kati ya mwenye duka na hasara ni jina la huyo kijana.

Basi nilisoma methali kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Kila doti ina maneno yake chini ya mji wa khanga, na maneno hayo huitwa jina, mteja akishika khanga swali lake la kwanza ni "hii jina lake nini?" Kwa hiyo mchana nilikuwa nawasomea akina mama majina ya khanga, na jioni nikawa nayaandika majina ya watu pamoja na wanachodaiwa. Methali nyingi nilizokuwa nimekariri shuleni nilizielewa hapo, na moja au mbili niliacha kuziamini.

Nianze na ile ambayo kila mtu anaijua: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Watu huitumia kama kwamba mwema hahitaji kufanya lolote, sifa zake zitamtangulia. Kwa mali kauli haikuwa hivyo. Kijana mgeni, awe mwema kiasi gani, jina lake halijafika sokoni. Khanga mpya nayo iko hivyohivyo: hujui kama inachuja mpaka ifuliwe. Ndiyo maana wanunuzi wa zamani kule Mombasa walikuwa wakitafuta alama iliyochapwa kwenye kitambaa, K.H.E., Mali ya Abdulla, ya mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak. Alama ile iliwaambia kitu ambacho macho hayawezi kukiona dukani.

Kijana mgeni alama yake ni mdhamini. Anakuja na mtu ambaye tayari yumo kwenye daftari, na mdhamini husema maneno machache tu: "Shangazi, huyu namjua, akileta shida nishike mimi." Hapo jina la mmoja limeazimwa na mwingine. Nikawa naandika majina yote mawili kwenye mstari mmoja. Vijana waliokuja peke yao wakijieleza jinsi walivyo waaminifu, wanavyoogopa Mungu, wanavyotoka familia nzuri, shangazi aliwasikiliza kwa adabu kisha akawaambia warudi na mtu. Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Hakusema kwa kuwadharau. Alikuwa akisubiri kitendo, na maneno yao hayakuwa na kitendo chochote cha kuyashikilia.

Na kitendo chenyewe alichokitazama kilikuwa kidogo sana. Doti moja ni vipande viwili ambavyo havijakatwa, vimekunjwa kiwandani mkunjo mmoja unaojulikana. Kijana asipouza, anarudisha. Shangazi alikuwa akiichukua doti iliyorudi, anapitisha kidole kwenye ukingo, anaangalia kama mkunjo ni uleule au imefunguliwa ikakunjwa kwa haraka, kama karatasi ya kiwandani ipo, kama kuna vumbi au jasho. Aliyekuwa akirudisha mali safi, ikiwa imekunjwa kama alivyoichukua, wiki ya pili alipewa doti nane, baadaye kumi. Aliyerudisha mali imechafuka hakugombezwa, ila alibaki kwenye doti tatu. Wengi hawakujua kwa nini.

Dalili nyingine nilijifunza kuiona mwenyewe kwenye hesabu, na mpaka leo naiona ni ya kweli kuliko sura ya mtu. Tuseme bei ya mali kauli ni shilingi 10,500 kwa doti. Kijana aliyeuza nne anapaswa kuleta 42,000, aliyeuza tano 52,500. Ikija 50,000 kamili, ujue kuna jambo. Hiyo si hela ya doti. Ama ameuza akatumia sehemu, ama hela imetoka kwingine, na mara nyingi imetoka duka la pili: amechukua mali huko, ameiuza kwa bei ya kutupa, analipia deni la huku. Sokoni wanaita kuchimba shimo kufukia shimo. Anayefanya hivyo bado anaonekana mlipaji mzuri, jina lake bado safi, lakini limeshaanza kuoza kwa ndani. Shangazi akiona hela ya namna hiyo hakumtangaza mtu. Alimwita pembeni, "Mwanangu, leo umeuza ngapi? Niambie idadi, siyo hela." Aliyetaja idadi ya kweli alisaidiwa. Aliyetaja idadi ya kubuni ili ikaribiane na hela yake, huyo ndiye aliyetutia wasiwasi.

Sasa nifike kwenye methali ambayo kwangu ndiyo kiini cha yote: muungwana akivuliwa nguo huchutama. Nilipokuwa mtoto niliielewa kama methali ya aibu tu. Pale dukani niliona inafundisha utaratibu. Haisemi muungwana havuliwi nguo. Inakubali kwamba atavuliwa. Inachosema ni kwamba siku hiyo hakimbii barabarani, wala hasimami akapigana na waliomvua. Anachutama, anajisitiri kwa kilichobaki, mpaka apate nguo nyingine.

Niliwaona vijana wawili wakivuliwa nguo msimu mmoja, ule wa kumi la mwisho la Ramadhani, wakati khanga zinakwenda kuliko siku zote za mwaka.

Wa kwanza alikuwa mkazi wa Mbagala, amefanya nasi kazi muda wa kutosha, akapewa doti 20. Kwa ile bei, hiyo ni 210,000. Mchana mgambo wakapita barabarani, watu wakatawanyika, na fuko lake lenye doti 12 likachukuliwa. Saa kumi na mbili jioni alikuwa mlangoni kwetu. Hakupiga simu, hakumtuma mtu. Alikuwa na doti moja mkononi na hela za doti saba alizokwisha kuuza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, mali imekwenda."

"Ipi imekwenda na ipi imebaki?"

Akahesabu mbele yetu: saba zimeuzwa, hii hapa 73,500. Moja hii, haijafunguliwa. Kumi na mbili zimekwenda. Nikaandika deni la 126,000. Kisha akasema neno ambalo nilidhani litamfurahisha shangazi: atalipa 10,000 kila siku mpaka liishe.

Shangazi akakataa. Akampigia hesabu yake mbele yangu, akisema: Doti unauza 13,000, faida yako 2,500. Kwa sasa nitakupa doti tatu kwa siku, siwezi zaidi. Ukiuza zote faida ni 7,500. Hiyo 10,000 utaitoa wapi? Utaitoa duka la jirani, na kabla mwezi haujaisha utakuwa umeharibu majina mawili. Wakakubaliana 3,000 kwa siku ya kazi. Zinabaki 4,500 za nauli na chakula akiuza tatu, na hata siku ambayo ameuza mbili tu, bado anaweza kulipa akabakiwa na 2,000. Deni hilo kwa 3,000 ni siku 42, yaani wiki saba ukitoa Jumapili.

Hapo ndipo nilipoona uzito wa ahadi ni deni. Sikuwahi kufikiri kwamba ahadi inaweza kuwa mbaya kwa sababu ni nzuri mno. Mtu aliyefedheheka ana haraka ya kurudisha jina lake, kwa hiyo anaahidi kikubwa, na ahadi hiyo ikivunjika siku ya tatu, sasa ana madeni mawili: la mali na la neno. La mali lilitokana na mgambo, watu wangemwelewa. La neno ni lake mwenyewe. Nimeona majina mengi yakivunjikia kwenye ahadi ya pili, sio kwenye hasara ya kwanza.

Na lingine: shangazi aliendelea kumpa mali. Watu wa duka la pili walimshangaa. Lakini kumnyima mali mtu anayekudai nafasi ya kukulipa ni kumfukuza. Dawa ya deni ni kulipa, sawa, ila asiye na cha kuuza atalipa kwa nini?

Kijana wa pili alichukua doti nane, 84,000. Aliuza zote. Jioni ile mama yake alizidiwa, hela ikaenda hospitali. Haya tuliyajua baadaye sana. Wakati ule tulichojua ni kwamba simu yake haipatikani, kesho haipatikani, kesho kutwa amebadili laini. Hakuwa mwizi. Siku ya kwanza alikuwa na sababu ambayo shangazi yangu, nionavyo mimi, angeipokea huku akimpa na nauli ya kwenda kumwona mgonjwa. Siku ya pili sababu ileile ilikuwa imeshapungua uzito, maana sasa kulikuwa na swali la kwa nini hakusema jana. Kufikia wiki ya pili hakukuwa na maneno ambayo angeweza kuyasema yakatosha. Aibu ndiyo iliyomkimbiza, na kukimbia ndiko kulikomwita mwizi.

Habari za aina hii sokoni zina njia zake. Wasukuma mikokoteni wanaingia kila duka, mama ntilie anapeleka chai kila kaunta. Siku tatu hazikuisha nikasikia kwa mwenye duka wa ng'ambo kwamba tumeibiwa laki tatu. Nikasikia kwingine kwamba ni wawili, ni ndugu, wanatumiwa na mtu. Hapa ndipo nilipogombana na methali moja: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nimekua nikiisikia ikisemwa na watu wazima kama ushahidi. Mimi naona ni methali ya kuchukuliwa kwa uangalifu mkubwa. Ni kweli kitu kilikuwepo, doti nane. Lakini lile la laki tatu halikuwepo na halikuja. Anayeitumia methali hii kumhukumu mtu ambaye hakuwepo kujibu, anamwongezea deni ambalo hakulichukua.

Shangazi alikuwa na jibu moja kwa kila aliyeuliza: "Ni doti nane." Hakupunguza, hakuongeza, hakutaja jina la mama wa mtu wala kabila lake. Wengi hutumia ule msemo wa mali bila daftari hupotea bila habari kwa maana ya kujilinda wao. Nilichokiona ni kwamba daftari humlinda na mdaiwa. Bila mstari ule wenye tarehe na idadi, kijana yule angekuwa amekula chochote ambacho mdomo wa mtu ungetaja.

Daftari lenyewe nalo lina hatari yake, na hii ilitokea duka jingine. Walikuwa na vijana wawili wenye jina moja, hela ya mmoja ikaandikwa kwenye ukurasa wa mwenzake. Mwenye duka akamwita yule aliyelipa "tapeli" mbele ya wateja na vijana wenzake. Jioni walipokagua wakaligundua kosa, na mzee yule kwa kweli alimfuata kijana akamwomba radhi. Lakini wateja waliokuwepo saa nne asubuhi hawakuwepo jioni. Maduka mawili mengine yalishamnyima mali. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi: kidole kinapona kwenye mguu wako mwenyewe, ila neno limekwisha kuondoka na watu usiowajua wanakokwenda. Tangu siku hiyo sikuandika jina moja pekee. Niliandika jina, lakabu, anakotoka na mdhamini wake, halafu nikamsomea mwenyewe mstari wake asikie kabla hajaondoka.

Mdhamini wa kijana aliyekimbia naye alipata adhabu ambayo hakuistahili. Alilipa nusu ya deni bila kulazimishwa. Hata hivyo, vijana wanne kutoka kijiji chao walipokuja miezi iliyofuata, maduka jirani yaliwakataa wote. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Wanaoirudia methali hii huiona kama sheria ya maumbile, lakini samaki wa kwenye tenga wameoza kwa sababu hakuna aliyemtoa yule mmoja. Watu si lazima wawekwe tenga moja. Shangazi aliwachukua wawili kati ya wale wanne, kwa doti tatu tatu, na mdhamini akiwa yuleyule, kwa hoja kwamba mtu aliyelipa deni lisilo lake ndiye mdhamini bora sokoni. Sijaona hoja ya kuipinga.

Yule aliyekimbia alirudi baada ya zaidi ya mwaka. Alikuja na 42,000, ile nusu iliyobaki, na alishamrudishia mdhamini nusu aliyomlipia. Alisimama kwenye kizingiti hakuingia. Shangazi alipokea, akaniambia nikate mstari mbele yake, akampa pole ya mama yake, ambaye alikuwa amefariki. Akamkaribisha chai. Ila alipoomba mali, shangazi alimwambia aanze kwa taslimu, doti moja moja, bei ya taslimu, mpaka hapo watakapoonana vizuri. Mimi wakati ule niliona amekuwa mgumu. Maji yakimwagika hayazoleki, alinijibu, lakini mtungi haujavunjika, anaweza kwenda kuteka mengine. Kijana alinunua kwa taslimu miezi kadhaa. Baadaye nilimwona akichukua mali kauli duka jingine, kwa maneno ya shangazi mwenyewe, aliyeulizwa akasema: "Alinidai subira, nikampa. Deni langu amelimaliza."

Na huyo shangazi naye alikuwa mdaiwa. Marobota yake aliyachukua kwa mwagizaji wa jumla, alipe baada ya wiki mbili. Miezi baada ya sikukuu khanga hulala, na kuna mara alijua mapema kwamba tarehe itafika hela haijatimia. Alikuwa akienda siku tatu kabla, akiwa na sehemu ya deni mkononi na robota moja ambalo halijafunguliwa la kurudisha kama mzee huyo mwagizaji atalitaka. Akikuta mzee hayupo, alisubiri. Hakuacha ujumbe kwa karani. Jina jema hung'ara gizani, wanasema, na mimi nililiona giza lenyewe: kipindi ambacho mwagizaji yule aliwakatia mikopo wateja karibu wote wa mtaa wetu, shangazi aliendelea kupata mzigo. Kilichomsaidia zilikuwa zile safari za siku tatu kabla.

Nayafikiria haya kila ninapoona vijana wa sasa wakikopa kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo ya kidijitali yasiyo na leseni. Wengi tunazijua tabia zake: ukichelewa, ujumbe unatumwa kwa watu waliomo kwenye simu yako, mjomba, mkwe, bosi, kwamba huyu ni mdaiwa sugu. Ubaya wa utaratibu huu kwangu ni kwamba unamvua mtu nguo kwanza, hadharani, kabla hajapewa pa kuchutama. Hakuna mlango wa kugonga saa kumi na mbili jioni ukiwa na doti moja mkononi. Na mtu ambaye jina lake limeshaharibiwa kwa ndugu zake wote ana sababu gani tena ya kuhangaika kulipa?

Mpwa wangu alinijia mwaka jana, anadaiwa na mwenye duka la viatu, mali ya laki na nusu imekwama, kesho ndiyo siku ya kulipa. Alikuwa ameandika ujumbe mrefu wa kuomba radhi. Nikamwambia aufute. Aende leo, asingoje kesho, abebe viatu vyote ambavyo havijauzwa vikiwa kwenye maboksi yake, na hela ya vilivyouzwa hata kama ni kidogo. Ataje idadi kabla ya kutaja sababu. Na asiahidi kiwango chochote kabla hatujakaa naye kwenye karatasi tukatoa nauli na chakula. Tulipotoa, kilibaki 4,000 kwa siku. Alikuwa ameandika 15,000.